Mama anahamia kwangu, mlangoni kuna vipandio 3: nimwombe mwenye nyumba mteremko au reli? Niko tayari kuchangia

Mnana (mwanzisha uzi)

Habari za humu wadau. Nimepanga nyumba ya chini, huu mwaka wa nne, na kodi sijawahi kuchelewesha. Mwisho wa mwezi ujao mama yangu mzazi anahamia kwangu moja kwa moja. Ana miaka 78, goti la kushoto limechoka, anatembea na fimbo. Ndani hakuna tatizo, sakafu yote iko sawa. Shida ni mlangoni. Kutoka uani kupanda barazani kuna vipandio vitatu na hakuna pa kushika. Ukiwa unaingia, kushoto kuna ukuta, kulia ni wazi. Safari iliyopita alipokuja kunisalimia nilimshusha nimemshika kiunoni, na mchana mimi huwa sipo.

Nimeandika ujumbe ila sijautuma: "Shikamoo mzee. Mama yangu anakuja kuishi nami. Naomba ruhusa ya kujenga mteremko mbele ya mlango. Gharama tugawane nusu kwa nusu, ya kwako nitaikata kwenye kodi." Fundi aliyepita hapa amesema mteremko wa mita 2 unatosha. Mnauonaje?

Kibiriti_Ngoma

Usichangie hata senti. Mzee ni mtu mwenye mahitaji maalumu, sheria inamlazimisha mwenye nyumba kuweka mteremko kwa pesa yake. Mwandikie barua ya kumtaka atekeleze ndani ya siku 14.

Jirani_wa_Ghorofani

Pole mkuu. Mimi mama mkwe alipohamia, mwenye nyumba aliongeza kodi kwa sababu ya maji. Tulibishana miezi mitatu. Hakikisha kwanza umemwambia kwamba watu wanaongezeka.

PaipuNaMoto

Mnana, usitume chochote kabla hujapima. Chukua tepu, pima kila kipandio kimo chake, halafu pima kutoka ukingo wa baraza hadi geti au kitu chochote kinachokuzuia mbele. Nipe namba hizo.

Mnana

Kila kipandio ni sentimita 16. Kutoka baraza hadi geti ni mita 4 na kidogo. Upana wa ngazi ni mita 1.2. @Jirani, asante, hilo la idadi ya watu sikuwa nimelifikiria, mkataba wangu umeandika watu wawili.

PaipuNaMoto

Basi mteremko umeshakufa hapo, na nitakuonyesha kwa nini.

16 mara 3 ni sentimita 48. Kipimo tunachofuata kwa mteremko wa mtu mwenye kigari ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele. 48 mara 12 ni 576, karibu mita 5.8. Chini lazima ubaki uwanja tambarare wa kama mita 1.5 ili mtu asimame na kugeuka. Hapo umepita mita 7 na wewe una 4. Ukisema uukunje katikati urudi nyuma, kila kipande ni karibu mita 2.9, ongeza pa kugeuzia mita 1.5, umeshagonga geti. Tena utakuwa umekula upana wa mita mbili za uwanja.

Sasa huyo fundi wa mita 2. Sentimita 48 juu ya 200 ni kama 1 kwa 4. Huo ni mteremko wa kupakia pikipiki kwenye lori. Mama akiushuka na fimbo siku imenyesha, fimbo itatangulia na yeye atafuata. Mimi nimeshaitwa kubomoa miteremko ya namna hiyo mara nyingi kuliko nilivyoitwa kuijenga.

Kibiriti_Ngoma

Kwa hiyo mzee abaki ndani kama mfungwa?

Nesi_Mstaafu

Ndugu Mnana, ngoja nikuulize jambo ambalo hakuna aliyekuuliza. Mama anaogopa kupanda au kushuka?

Mnana

Kushuka, mama. Kupanda anajikongoja lakini anafika. Kushuka anasimama pale juu, anaangalia chini, anarudi ndani.

Nesi_Mstaafu

Nilidhani hivyo. Basi hata ungekuwa na mita kumi za uwanja, nisingekimbilia mteremko. Mteremko ni rafiki wa magurudumu. Mtu mwenye goti bovu anayetembea kwa miguu yake, mteremko mrefu wa kushuka unamtesa, kwa sababu goti linafanya kazi ya breki hatua zote mpaka chini. Kwenye kipandio anapata mahali pa kukanyaga palipo sawa, anapumzika, anashuka kingine. Wagonjwa wangu wengi wa magoti walipita ngazini wakauacha mteremko pembeni, ilimradi ngazi ina pa kushika.

Kwa hiyo omba reli. Na sikiliza hapa kwa makini, maana ndipo watu wanapokosea. Goti bovu ni la kushoto, fimbo naamini anaishika mkono wa kulia?

Mnana

Ndiyo, kulia. Hospitali walimfundisha hivyo.

Nesi_Mstaafu

Walimfundisha sawa, fimbo hukaa upande wa pili wa mguu mbovu. Sasa simama mlangoni kwako uwe yeye. Unapanda: ukuta uko kushoto, mkono wa kushoto hauna kitu, reli ya ukutani inamfaa. Akigeuka kushuka, ukuta umehamia kulia kwake, mkono wenye fimbo. Mkono wa kushoto unaelekea upande ulio wazi, hewani. Ili ashike reli ya ukutani itabidi ahamishe fimbo iende kushoto, upande wa goti bovu, akiwa amesimama juu ya ngazi. Hapo ndipo wanapoanguka.

Mwenye nyumba na fundi watakwambia reli moja ya ukutani inatosha kwa sababu ni rahisi kufunga. Itamsaidia kupanda, ambako tayari anaweza. Ukilazimishwa kuchagua moja, chagua ya upande ulio wazi. Lakini omba zote mbili, maana siku goti la kulia nalo likianza, hesabu inageuka.

Mnana

Nimeenda kusimama mlangoni na ufagio kama fimbo. Mama, umeniacha mdomo wazi. Miaka minne napita hapo na sikuwahi kuona.

MamaKodi

Naomba niseme kama mwenye nyumba, maana nina vyumba sita vya kupangisha na ujumbe kama wako nimeupokea.

Mstari wa "nitaikata kwenye kodi" uufute. Mimi nikiusoma huo nimeshakasirika kabla sijafika kwa mama yako. Umeniarifu, hujaniomba. Halafu "mteremko" bila picha, bila kipimo, mimi naona zege limemwagwa mbele ya nyumba yangu na wewe umehama.

Kinachomzuia mwenye nyumba mara nyingi si pesa. Ni maswali: nani atakarabati ikilegea? Mtoto wa jirani akining'inia ikamwangukia, lawama ya nani? Mpangaji ajaye ataingizaje friji na kabati? Nikimkubalia huyu, wengine watano watakuja na maombi yao? Ukimjibu kabla hajauliza, umemaliza nusu ya safari. Mchoro wa mkono wenye vipimo unatosha, na picha ya ngazi ilivyo leo.

Kibiriti_Ngoma

Mama, na sheria je? Mnaongea kama ni hisani.

MamaKodi

Sheria ya wapi, baba? Wewe umemwambia lazima nijenge kwa pesa yangu. Umesoma wapi?

Karani_wa_Baraza

Kibiriti yuko sawa nusu. Nimeshughulikia migogoro ya nyumba kwa muda. Zipo nchi ambazo sheria inamkataza mwenye nyumba kukataa bila sababu ya msingi pale mpangaji mwenye ulemavu, au anayeishi na mtu mwenye ulemavu, anapoomba badiliko la lazima. Lakini kukatazwa kukataa si sawa na kulazimishwa kulipa. Marekani kwa mfano, kwa nyumba za kawaida za kupanga, mwenye nyumba anatakiwa aruhusu, na gharama ni ya mpangaji. Tena uzee peke yake si ulemavu kisheria, kinachoangaliwa ni kama mtu anashindwa kutembea vizuri. Kwa hiyo barua ya daktari au ya mtaalamu wa viungo, mistari mitatu tu, ina uzito kuliko umri wake.

Mnana, usianze na sheria. Ila usiitupe. Ombi lako liwe la maandishi na lenye tarehe, hata kama mtaongea kwa mdomo. Akikataa, utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Mnana

Sawa. Na kuchangia? Nibaki na nusu kwa nusu?

Karani_wa_Baraza

Kuchangia si vibaya, ila pesa yako ikishaingia ukutani kwake haitoki. Chochote kilichofungwa kikawa sehemu ya jengo, ukihama kinabaki, isipokuwa mmeandikiana vingine. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: utaitumia reli hiyo kwa muda gani?

Njia ninayoipenda ni kupanga umri wa mchango wako. Tuseme mnakubaliana miezi 24. Ukihama mwenyewe kabla ya hapo, hudai kitu. Yeye akikutoa bila kosa lako, anakurudishia sehemu iliyobaki. Akikutoa mwezi wa 9, imebaki miezi 15 kati ya 24, anakurudishia 15/24 ya mchango wako, zaidi kidogo ya nusu. Miezi 24 ikipita, hakuna anayemdai mwenzake. Andika pia kwamba kuiacha ukutani hakutakatwa kwenye amana yako. Mstari huo watu husahau, halafu siku ya kuhama wanaambiwa "rudisha ukuta ulivyokuwa".

MamaKodi

Hiyo ya 15/24 mimi ningeikubali. Ila ningetaka na mimi mstari wangu: usikate kodi kwa hesabu yako. Nikichangia nusu, namlipa fundi mkononi au naandika mwenyewe kwamba mwezi fulani kodi ni pungufu. Kodi iingie kama kawaida.

Karani_wa_Baraza

Haki kabisa. Kuhusu lawama ya mtu kuumia, hapo sikubaliani na wanaosema mpangaji asaini kwamba anabeba yote. Reli iliyofungwa kwenye jengo, inayotumiwa na kila anayepita, kumbebesha mpangaji milele si sawa. Andikeni nani anakagua na nani anakarabati. Zaidi ya hapo kila mahali na sheria zake.

MamaKodi

Hapo hatutaelewana, nami ningetaka asaini. Tuendelee.

PaipuNaMoto

Turudi kwenye chuma. Mnana, gonga ule ukuta wa kushoto kwa kishikio cha nyundo. Unalia vipi?

Mnana

Sehemu nyingine unalia kama ngoma, nyingine umekufa.

PaipuNaMoto

Tofali za tundu. Nilijua. Ukitoboa kwa drili utaona: mwanzo inakaza, halafu ghafla inazama yenyewe bila kusukuma. Umeingia kwenye tundu. Bolti ya kutanuka ukiifunga hapo itaonekana imekaza siku ya kwanza, baada ya wiki tatu inazunguka na ukuta unatema unga. Reli ya kushikilia haibebi mkono tu, inabeba mtu mzima aliyeteleza. Mimi nahesabu ibebe kilo 90 na zaidi kwa upande wowote, hata kwa kuvutwa.

Kwa hiyo usitegemee ukuta. Weka nguzo pande zote mbili, zisimame chini. Shimo la kama sentimita 40, nguzo ndani, zege. Usikubali kufunga bamba juu ya sakafu kwa bolti fupi, mara nyingi zile zinashika plasta tu na hazifiki kwenye zege.

Reli yenyewe iwe bomba la duara la kama sentimita 4, vidole vizunguke. Mafundi wenzangu wanapenda mabomba makubwa ya mraba kwa sababu yanapendeza, lakini mkono wa mzee haufungi pale, unalalia juu tu. Upande wa ukuta acha nafasi ya sentimita 4 au 5 ili vifundo visisuguliwe. Kimo kati ya 86 na 96, unapima wima kutoka ukingo wa kipandio. Mama ni mfupi?

Mnana

Mfupi sana, ananifika kifuani.

PaipuNaMoto

Basi 86. Na jambo la mwisho, usiliachie: reli isiishe pale kipandio kinapoisha. Ipite mbele sentimita 30, juu na chini. Mtu anaanguka kwenye hatua ya mwisho, anadhani ameshafika.

Fremu_na_Kioo

Kwa lile swali la friji: nguzo za upande wa wazi zinaweza kutoka. Unazika bomba kubwa kidogo kwenye zege, nguzo inaingia ndani yake, unapitisha bolti. Siku ya kuhamisha vitu unafungua, unarudisha. Hata mpangaji akihama, reli inaondoka na uwanja unabaki safi.

PaipuNaMoto

Inawezekana, ila hiyo ndiyo inayoanza kutikisika. Nafasi ya milimita mbili kule chini, kwenye mkono huku juu ni sentimita nzima. Mzee akihisi reli inacheza haishiki tena, hata kama haitavunjika.

Fremu_na_Kioo

Ndiyo maana unaweka bolti mbili zilizopishana, juu na chini, siyo moja. Nimefunga hivyo, haichezi.

PaipuNaMoto

Labda yako. Mimi bado nazika.

Jirani_wa_Ghorofani

Samahani, kwa nini msimpe tu chumba cha nyuma na mlango wa jikoni?

Mnana

Mlango wa jikoni una vipandio vinne, mkuu.

Wadau, nimeandika upya. Someni kabla sijatuma:

"Shikamoo mzee. Mama yangu, miaka 78, atahamia kwangu mwisho wa mwezi ujao. Tutakuwa watatu, naomba uridhie maana mkataba unasema wawili. Goti lake la kushoto ni bovu na vipandio vitatu vya mbele havina pa kushika. Naomba idhini yako kuweka reli mbili za chuma, moja kila upande, zisimame kwenye nguzo zao bila kutoboa ukuta wako. Picha na mchoro nimeambatanisha. Upana wa kupita utabaki mita 1. Niko tayari kulipa nusu. Kodi nitaendelea kulipa kamili, mchango wako utaamua mwenyewe uutoe vipi. Reli zitabaki mali ya nyumba. Nitazikagua na kuzipaka rangi muda wote nikiwa hapa. Naomba tukae tuandikiane mambo machache kabla fundi hajaanza. Unapokuwa na nafasi nitakuja."

MamaKodi

Huu ningeujibu siku hiyohiyo. Ile 15/24 umeificha?

Mnana

Nimeona niiongee ana kwa ana, mama. Kwenye ujumbe ingeonekana nimeshaanza kufikiria kufukuzwa.

MamaKodi

Umekua.

Mnana (baada ya siku 9)

Mrejesho. Mzee alikuja mwenyewe kuangalia. Idadi ya watu ameridhia bila nyongeza. Kama Nesi alivyotabiri, kitu cha kwanza alichosema ni "weka moja ya ukutani inatosha." Sikubishana. Nilimpa ule ufagio kama fimbo mkono wa kulia nikamwomba ashuke akijifanya goti la kushoto haliwezi. Akafika kipandio cha pili akasimama, akatafuta pa kushika kwa mkono wa kushoto, akacheka. Zote mbili zimekubaliwa.

Mgawanyo umebadilika kidogo: reli ya upande wa wazi tunagawana nusu, ya upande wa ukuta nalipa yote, kwa sababu yeye bado haoni haja yake. Nimekubali. Marejesho ya miezi 24 aliyageuza kuwa 18, tumeandika. La lawama tuliliacha wazi, hakutaka kusaini na mimi sikutaka. Vyuma vya kushika bafuni amekataa, anasema vigae vyake vitapasuka. Hilo nitarudi nalo siku nyingine.

Nguzo zimezikwa, tumefuata ushauri wa kuzika. Siku ya tatu niliining'inia ile ya kulia nikahisi inasogea kidogo. Ni kawaida?

PaipuNaMoto

Nani kakwambia uiguse siku ya tatu? Zege halijakaa. Ulivyoivuta umeshaipanulia shimo. Angalia shingoni mwa nguzo, pale chuma kinapoingia kwenye zege: ukiona ufa wa duara, hiyo inachimbwa upya. Kama hakuna ufa, mwagia maji asubuhi na jioni, uiache wiki nzima ndipo ujaribu tena.

Nesi_Mstaafu

Na mama akifika, usimwache apite peke yake siku ya kwanza. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mbovu na fimbo vinatangulia pamoja. Wewe simama chini yake, usimvute mkono.

Kibiriti_Ngoma

Swali tu. Mwaka kesho akihitaji kigari itakuwaje? Mita 4 hazitaongezeka.

PaipuNaMoto

Hazitaongezeka. Hapo ni kuinua uwanja, au kuhama.

Mnana (baada ya siku 21)

Ufa ulikuwepo. Tumechimba upya nguzo moja kwa gharama yangu, sikumwambia mzee. Mama amefika juzi. Leo asubuhi nimemkuta uani peke yake, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikamuuliza ameshukaje. Akanionyesha mkono wa kushoto, umechafuka rangi. Kile kipande cha sentimita 30 cha chini fundi alikipaka jana jioni na hakijakauka.